Paneli za kufyonza sauti ukumbini: asilimia 15, 25 au 40 ya ukuta?

Mwenye ukumbi mmoja hapa Jinja alinipigia simu akiwa na makadirio mawili mkononi. Fundi wa kwanza alimwandikia paneli 44, wa pili 117, na wote wawili walikuwa wamepima ukumbi uleule. Aliniuliza ni yupi anayemwibia. Nilipozisoma zile karatasi sikuona mwizi. Kila fundi alichagua asilimia yake ya ukuta na unene wake wa paneli, ila hakuna aliyemweleza mteja kwamba amechagua. Mimi nikamwongezea njia ya tatu ya katikati. Nazilinganisha zote tatu hapa, maana swali hili naulizwa na wenye kumbi, wachungaji na maimamu, na jibu halifanani kwa wote.

Ukumbi wenyewe na ukuta unaohesabika

Ukumbi una urefu wa mita 20, upana mita 12 na kimo mita 4. Uko chini ya jengo la ghorofa, kwa hiyo juu ni slebu ya zege na chini ni sakafu ya saruji. Kila ukuta mrefu una madirisha sita ya vioo, kila moja upana mita 2 na kimo mita 1.5. Ukuta wa nyuma una milango miwili, na wa mbele una jukwaa dogo la mbao. Wikendi ni harusi, katikati ya wiki ni mikutano ya vikundi vya akiba na semina.

Eneo la kuta hupatikana kwa kujumlisha urefu na upana, kuzidisha kwa mbili, kisha kuzidisha kwa kimo: 2 × (20 + 12) × 4, yaani mita za mraba 256. Ondoa madirisha 12 yenye mita za mraba 3 kila moja, jumla 36. Ondoa milango miwili yenye mita za mraba 5 kila mmoja, jumla 10. Unabaki na ukuta halisi wa mita za mraba 210.

Tusimame kidogo hapo, kwa sababu ugomvi mwingi wa bei huanzia hapo. Fundi akikuambia "asilimia 25", muulize: asilimia 25 ya nini? Kwa ukuta halisi wa 210 ni mita za mraba 52.5. Kwa ukuta mzima wa 256, pamoja na madirisha na milango, ni 64. Kwa paneli ya kawaida ya mita 1.2 kwa 0.6, ambayo ina mita za mraba 0.72, hesabu ya kwanza inakupa paneli 73 na ya pili 89. Hizo 16 za ziada zimezaliwa na neno moja ambalo halikuulizwa. Katika makala hii asilimia zote ni za ukuta halisi, na hesabu ya paneli huvushwa kwenda juu, kwa kuwa hakuna nusu paneli dukani.

Tunalinganisha kwa vigezo gani

Njia ya kwanza nitaiita Nene: asilimia 15 ya ukuta, paneli za sentimita 10. Ya pili ni Kati: asilimia 25, sentimita 5. Ya tatu ni Nyembamba: asilimia 40, sentimita 2.5. Zote ni za sufi ya mawe, ile inayotumika kuzuia joto, ikiwa ndani ya fremu ya mbao na kufunikwa kitambaa. Nimeweka mali ya aina moja makusudi, ili tusije tukadhani tunalinganisha unene kumbe tunalinganisha sufi na sponji.

Vigezo ni vinne: maneno yanasikikaje, besi inafanywa nini, ukuta una nafasi kiasi gani, na kazi ya fundi ni kubwa kiasi gani. Bei za shilingi siziweki, kwa sababu hubadilika kila mzigo unapoingia. Nitakupa idadi na vipimo, bei uzijaze mwenyewe. Mistari miwili ya mwisho ya jedwali, ya mwangwi na ufyonzaji, naieleza baada yake.

| | Nene | Kati | Nyembamba |
|---|---|---|---|
| Sehemu ya ukuta | 15% | 25% | 40% |
| Eneo linalotakiwa | 31.5 m² | 52.5 m² | 84 m² |
| Idadi ya paneli | 44 | 73 | 117 |
| Muda wa mwangwi, ukumbi mtupu | sekunde 2.5 | sekunde 2.0 | sekunde 2.0 |
| Ufyonzaji wa besi unaoongezwa | kama 20 | kama 10 | chini ya 7 |

Maneno yanasikikaje

Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard ndiye aliyetuachia kanuni tunayotumia hadi leo. Alianza kazi hiyo mwaka 1895, akihamisha mito ya viti usiku na kuiingiza katika ukumbi wa mihadhara uliokuwa hausikiki, huku akipima sauti inachukua muda gani kufa. Kanuni yenyewe ni hii:

T = 0.161 × V ÷ A

T ni muda wa mwangwi kwa sekunde, V ni ujazo wa ukumbi, na A ni ufyonzaji wote uliomo ndani. Ufyonzaji upime kwa dirisha lililo wazi: mita moja ya mraba ya dirisha wazi inameza sauti yote inayoifikia, kwa hiyo inahesabiwa 1. Ukuta wa plasta unameza kama 0.02 tu kwa kila mita, na sauti iliyobaki inarudi ndani.

Ujazo wa ukumbi wetu ni mita za ujazo 960. Zege, saruji, vioo vilivyofungwa, jukwaa na viti vya plastiki, vyote kwa pamoja vinatoa ufyonzaji wa kama 30 katika sauti ya kati, pale maneno yanapoishi. Ukigawanya, unapata sekunde 5 na ushee. Ndiyo maana MC akitaja jina la bwana harusi, wa meza za nyuma husikia majina matatu yamepandana.

Paneli ya sentimita 10 inafyonza karibu sauti yote ya kati inayoifikia, ya sentimita 5 kama 0.95, na ya sentimita 2.5 kama 0.6. Sasa angalia kinachotokea, ukitoa kile kidogo ambacho plasta iliyofunikwa ilikuwa inameza. Nene inaongeza kama 31, na mwangwi unashuka hadi sekunde 2.5. Kati inaongeza kama 49, na unashuka hadi 2.0. Nyembamba nayo inaongeza kama 49, na unafika palepale penye 2.0. Yaani paneli 73 za sentimita 5 na paneli 117 za sentimita 2.5 zinafanya kazi ileile kwa maneno. Asilimia peke yake haikuambii ukumbi utasikikaje. Mtu anayekuuzia asilimia bila kukutajia unene amekuuzia nusu ya habari.

Jambo la pili katika hesabu hiyo ni kwamba faida inapungua kadiri unavyoongeza. Paneli 44 za kwanza zimeuondoa mwangwi kwenye 5 hadi 2.5. Hata kama zingine 29 zingekuwa nene vilevile, ukafika 73, ungeshuka hadi 1.9 tu. Ili kukata mwangwi nusu unahitaji kuzidisha ufyonzaji wote mara mbili, na kila mara mbili ni kubwa kuliko iliyotangulia.

Halafu kuna watu. Mtu mmoja aliyeketi anafyonza karibu 0.45. Wakiingia watu 100 wanaleta 45 yao, na Nene inashuka hadi sekunde 1.5, Kati na Nyembamba hadi 1.25. Kwa hotuba katika ukumbi wa kiasi hiki, sekunde 1 hadi 1.5 ni eneo zuri. Kwa kwaya au kisomo unaweza kuvumilia mrefu zaidi, hadi 2, maana sauti inayodumu kidogo huipamba kaswida na wimbo. Kumbe ukumbi unaojaa kila unapotumika unaweza kutosheka na asilimia 15, lakini ukumbi huohuo wenye kikundi cha watu 20 wanaojadili hesabu za akiba utabaki na sekunde 2.2, na wazee watakuwa wanaombana kurudia.

Besi, mahali ambapo unene hauna mbadala

Spika za harusi zinatoa besi nyingi, na katika sanduku la zege besi haina pa kwenda. Ukumbi wa dari ya jipsamu au plaiwudi una nafuu, kwa sababu dari hiyo inatikisika na kula sehemu ya besi. Slebu haitikisiki.

Katika besi ya hezi 125, paneli ya sentimita 10 inafyonza kama 0.65, ya sentimita 5 kama 0.2, na ya sentimita 2.5 haifiki hata 0.1. Ukizidisha kwa maeneo yake, Nene yenye paneli 44 inaongeza ufyonzaji wa kama 20, Kati kama 10, na Nyembamba pamoja na wingi wake wote haifiki 7. Mawimbi ya besi ni marefu, karibu mita 3 kwa hezi 125, na sentimita 2.5 za sufi kwake ni kama pazia.

Hatari ya Nyembamba ni hii: inaua sauti za juu vizuri mno, inaacha besi ilivyo, na ukumbi unakuwa na sauti ya kuvuma, kama mtu anaongea ndani ya pipa. Utaitambua hata bila kuangalia namba yoyote. Herufi za "s" na "t" zinakuwa hafifu, lakini ngoma inaendelea kunguruma baada ya mpigaji kuacha. Nimewahi kuitwa kwenye ukumbi wa namna hiyo. Mwenyewe alikuwa tayari kununua paneli nyembamba nyingine 40, nikamwomba asinunue hata moja.

Kati ina njia ya kujisaidia. Usiibandike ukutani, ipigie papi za mbao zinazoacha pengo la sentimita 5 nyuma yake. Hewa ya pengo hilo inaifanya paneli ishike sauti za chini zaidi, ikaribie paneli nene, bila kununua sufi zaidi. Gharama yake ni mbao chache, na buibui wa kufagia mara moja kwa mwaka.

Nafasi ukutani

Karatasi inakubali paneli 117. Ukuta una masharti yake.

Madirisha sita ya mita 2 yanachukua mita 12 za ukuta mrefu. Zinabaki mita 8, zimegawanyika vipande saba vya kama mita 1.14. Paneli mbili zilizosimama zinahitaji mita 1.2. Haziingii. Kwa sentimita sita tu, kila kipande kinapokea paneli moja badala ya mbili, na fundi asiyepima vipande hivyo atagundua siku ya kufunga. Chini ya kimo cha mita 1.1 kutoka sakafuni usiweke kitu, kwa sababu migongo ya viti na mikono ya watoto itakichana.

Tukianza na ukuta mrefu: kipande kimoja kimoja kinabeba paneli moja iliyosimama, saba kwa ukuta. Juu ya madirisha kuna ukanda wa mita 1.5 unaokwenda urefu wote, unaobeba safu mbili za paneli zilizolazwa, 16 kwa safu. Jumla 39 kwa ukuta, 78 kwa kuta mbili. Ukuta wa nyuma, baada ya milango, unabeba kama 24. Tumefika 102. Nyembamba inadai 15 zaidi, na zote lazima ziende ukuta wa jukwaa, ambako wapambaji hufunga vitambaa vyao na waandalizi hutundika bango lililochapwa Nasser Road, mtaa wa wachapaji wa Kampala. Kitambaa chepesi mbele ya paneli hakina tatizo, sauti inapita. Bango la plastiki linaziba, na paneli iliyo nyuma yake imelala usingizi kwa sauti za juu. Ukitoa pia swichi, feni za ukutani na picha ya mwenye nyumba, 117 zinaingia kwa kubanana.

Kati inaingia na kukuachia uhuru wa kuchagua mahali. Nene inaingia kwa raha kabisa, lakini inatokeza sentimita 10 ukutani, na pembe zake zitagongwa na meza zinazobebwa iwapo ziko chini.

Kwa njia yoyote, anza na ukuta wa nyuma unaotazamana na spika, kisha gawanya zilizobaki kwenye kuta ndefu zote mbili. Ukiweka zote upande mmoja, sauti itaendelea kurukaruka kati ya kuta nyingine, na kanuni ya Sabine itaonekana imekudanganya, kwa sababu yenyewe hudhani ufyonzaji umesambaa. Simama katikati upige kofi moja: ukisikia mlio wa tr-r-r-r kama mjusi wa bati, kuna kuta mbili tupu zinatazamana.

Kazi ya fundi na mali

Hapa wateja wengi hushangaa. Sufi inayohitajika haitofautiani sana: Nene inakula mita za ujazo 3.2, Kati 2.6, Nyembamba 2.1. Kinachotofautiana ni kazi. Kila fremu ina mita 3.6 za mbao na kona nne. Nene ni fremu 44 na mita kama 158 za mbao, ingawa ni mbao pana. Kati ni mita 263. Nyembamba ni mita 421 za mbao finyu na kona 468 za kukata, kupiga gundi na kuvuta kitambaa bila mikunjo. Mbao za soko la Ndeeba, Kampala, zikiwa mbichi kidogo, fremu finyu ndizo zinazopinda kwanza. Ukiwa na vijana wa karakana wanaolipwa kwa siku, Nyembamba ndiyo inayokaa nao muda mrefu zaidi.

Nene nayo ina uzito. Inataka plagi nzuri za ukutani na skurubu ndefu, hasa kwenye tofali la kuchoma ambalo humomonyoka likitobolewa.

Kitambaa kijaribu kwa pumzi: kiweke mdomoni upulize, hewa ikipita bila shida, sauti itapita. Kuna wanaopenda kitambaa cha gome la mutuba, na rangi yake kweli hupendeza. Kwa ukumbi wa harusi uliza kwanza, maana Buganda kitambaa hicho, wanachokiita lubugo, hutumika pia kuzika wapendwa wao, na wazee wengine hawatafurahi kuiona nyuma ya keki.

Usikubali sponji ya godoro kwa hali yoyote, hata kama inashusha bei nusu. Mwaka 2013 katika klabu ya Kiss huko Santa Maria, Brazil, fataki iliwasha sponji ya kufyonza sauti iliyokuwa juu ya jukwaa, na watu 242 walikufa, wengi kwa moshi wake. Kumbi zetu nazo huwasha fataki za keki. Sufi ya mawe haishiki moto. Inawasha ngozi tu, kwa hiyo fundi avae glavu na kitambaa cha pua.

Njia ipi kwa hali ipi

Kama ukumbi wako una slebu juu, unaishi kwa muziki na harusi, na siku zote unajaa, Nene inakufaa. Maneno hayatakuwa safi kabisa ukumbi ukiwa mtupu, lakini watu watamalizia kazi, na besi itakuwa imeshikwa.

Kama katikati ya wiki una mikutano ya watu 20 au 30, semina au darasa, na wikendi una spika, chagua Kati na uache pengo la sentimita 5 nyuma. Hii ndiyo niliyompa mwenye ukumbi wa Jinja. Tulianza na paneli 24 ukuta wa nyuma, akaendesha shughuli mwezi mzima, kisha 49 zilizobaki zikagawanywa kuta ndefu, 25 upande mmoja na 24 upande wa pili.

Nyembamba ina mahali pake. Ukumbi wenye dari ya jipsamu au plaiwudi, unaotumika kwa mazungumzo bila spika kubwa, na wenye njia finyu ambako paneli inayotokeza ingegongwa kila siku, unaweza kuipokea vizuri. Msikiti au kanisa dogo la mahubiri lenye dari kama hiyo ni mfano mzuri, mradi ukuta una nafasi ya asilimia 40 na umeipima kipande kwa kipande.

Kama shida yako ni mvua juu ya mabati, ahirisha zote tatu. Paneli za ukutani hazizuii kelele kuingia. Hata ukizidisha ufyonzaji mara mbili, kelele hiyo inapungua desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio hulitambua kwa taabu. Fedha hizo zipeleke kwanza kwenye dari na sufi iliyolazwa juu yake.

Na kama huna hakika bado, pasua puto moja ukumbini, madirisha yakiwa yamefungwa, urekodi kwa simu na uhesabu sekunde hadi sauti ipotee. Rudia kila baada ya kufunga kundi la paneli, puto la ukubwa uleule, madirisha katika hali ileile. Ukifika mahali ambapo makundi mawili mfululizo hayabadilishi kitu unachosikia, acha kununua.